Barua ya ridhaa ya mzazi kwa safari ya kimasomo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya walimu wanaoandika barua hiyo na wazazi wanaoipokea. Ili tusiongee hewani, tumechukua safari moja ya mfano na kuifuata tangu barua inapotoka ofisini hadi fomu ya mwisho inaporudi. Darasa la Sita la shule ya msingi jijini Dodoma linakwenda kuona michoro ya miambani Kolo, wilayani Kondoa, na kurudi siku hiyohiyo. Safari ni Alhamisi, tarehe 20 Agosti 2026. Wanafunzi ni 42 na watu wazima wa kuwasimamia ni 6. Bei zote ni za mfano wa hesabu tu. Shule ipige simu ipate bei halisi za wakati wake.

Barua ya taarifa na fomu ya ridhaa ni kitu kimoja?

Ni vitu viwili vinavyosafiri pamoja. Barua inabaki nyumbani, mzazi aiweke mahali pa kuonekana ili asubuhi ya safari ajue saa, namba ya simu na vitu vya kufunga kwenye begi. Fomu inarudi shuleni ikiwa na saini.

Shule nyingi huviweka kwenye karatasi moja na kuchora mstari wa vidoti chini kwa ajili ya kukata. Hapo ndipo matatizo huanzia. Mzazi anasaini, mtoto anarudisha karatasi nzima, na nyumbani hakibaki kitu. Siku ya safari mzazi hana saa ya kurudi wala namba ya mwalimu. Tumieni karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, ya pili ikiandikwa juu kwa herufi kubwa: RUDISHA HII. Gharama ya karatasi 42 za ziada ni ndogo kuliko simu zitakazopigwa jioni ya safari.

Iandikwe kwa Kiswahili, hata kama shule inafundisha kwa Kiingereza. Mara nyingi anayesaini ni bibi, shangazi au kaka mkubwa, na mtu hawezi kuridhia jambo ambalo hakulielewa.

Tuanze na kipi kwenye barua?

Anzeni na kile ambacho mzazi angekiuliza kwanza akiwa amesimama mlangoni: wanakwenda wapi, lini, wanarudi saa ngapi, kwa shilingi ngapi, na jibu linatakiwa lini. Hayo matano yakae kwenye mistari ya mwanzo kabisa. Maelezo ya faida za ziara kwa somo la Historia yaje baadaye na yawe mafupi. Kwa mfano:

> Mzazi/Mlezi mpendwa,
> Darasa la Sita litakwenda Kolo, Kondoa, kuona michoro ya miambani, siku ya Alhamisi tarehe 20 Agosti 2026. Wanafunzi wafike shuleni saa 11:30 alfajiri. Mabasi yanaondoka saa 12:00 asubuhi na yanategemewa kurudi shuleni kati ya saa 12:00 na saa 12:45 jioni ya siku hiyohiyo. Mchango ni shilingi 43,000. Fomu iliyoambatanishwa irudi kwa mwalimu wa darasa kabla ya saa 9:00 alasiri, Jumatano tarehe 12 Agosti 2026, hata kama mtoto hatakwenda.

Tazameni namna saa zilivyoandikwa. Ukiandika "6:00" peke yake, mzazi mmoja atasoma saa sita mchana na mwingine saa kumi na mbili asubuhi, na wote wawili watakuwa wamesoma vizuri. Kila saa iandikwe kwa hesabu ya Kiswahili na ifuatwe na neno lake: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni. Msichanganye hesabu mbili kwenye barua moja.

Maneno "hata kama mtoto hatakwenda" nayo yana kazi yake. Bila hayo, fomu isiyorudi inaweza kuwa na maana tatu: mzazi amekataa, mzazi amesahau, au barua haijawahi kutoka kwenye begi. Mkipata hata za waliokataa, mnajua nani wa kumpigia simu.

Mahali penyewe tupaeleze kiasi gani?

Kiasi cha kumwezesha mzazi kuamua. Kolo iko karibu kilomita 180 kaskazini mwa Dodoma, kwenye barabara ya lami ya kwenda Babati kupitia Mayamaya, Chemba na Kondoa. Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mzazi atafurahi kuyajua hayo, lakini hayatoshi.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo barua nyingi huyaacha. La kwanza ni mwendo wa miguu. Kufika kwenye miamba ya Mongomi wa Kolo mnaiacha lami, mnafuata njia ya vumbi, kisha mnapanda mlima kwa miguu, na sehemu ya mwisho ni mwinuko mkali wenye mawe. Mtoto mwenye pumu, selimundu au mguu uliovunjika miezi michache iliyopita anahusika hapa moja kwa moja, na mzazi hataeleza hali hiyo kama anadhani watoto watashuka kwenye basi na kusimama mbele ya picha. Andikeni: "Kuna kupanda mlima kwa miguu kwenye mawe. Viatu vya kufunga vinahitajika, kandambili hapana." Kabla ya kuandika, piga simu ofisi ya mambo ya kale iliyoko Kolo uulize gari la aina gani linafika wapi kwa wakati huo, maana mvua za kati ya Novemba na Aprili huiharibu njia hiyo. Agosti ni kiangazi, ndiyo maana tumeichagua.

La pili ni kwamba Mongomi wa Kolo si makumbusho tu. Wenyeji bado hufanya matambiko pale. Wapo wazazi, Wakristo na Waislamu, ambao wangependa kulijua hilo kabla ya kusaini, na wana haki hiyo. Sentensi moja inatosha: watoto watatazama michoro na kusikiliza maelezo ya mwongozaji, hawatashiriki ibada yoyote.

Kwa nini Alhamisi na si Jumamosi?

Jumamosi huwaacha watoto wa Kisabato, Ijumaa huingiliana na sala ya mchana, na Jumapili haihitaji maelezo. Siku ya masomo ina faida nyingine pia: ofisi ya elimu iko wazi likitokea jambo.

Mchango tuuandikeje?

Uandikeni ukiwa umechanganuliwa. Mzazi anayeona "43,000" tupu hujiuliza mwalimu anabaki na kiasi gani. Mzazi anayeona mchanganuo huuliza swali la maana, kwa mfano kwa nini basi ni ghali, na mwalimu ana jibu.

Hesabu ya mfano wetu iko hivi. Kosta mbili kwa siku nzima, mafuta na dereva ndani yake, kila moja 650,000, jumla 1,300,000. Kiingilio na mwongozaji tumeweka 130,000. Chakula cha mchana, wali na maharage, kwa watu 48 kwa 3,500 ni 168,000. Maji, chupa mbili za lita moja na nusu kwa kila mtu, ni chupa 96 kwa 1,000, yaani 96,000. Vifaa vya huduma ya kwanza 40,000. Akiba ya dharura 72,000. Jumla kuu ni 1,806,000. Gawanya kwa wanafunzi 42, kila mmoja ni 43,000 kamili.

Barua iseme wazi kwamba chakula na maji ya walimu vimo ndani ya hesabu hiyo. Wazazi hawalalamiki kwa kuambiwa, hulalamika kwa kugundua.

Sasa angalieni hesabu hii inapovunjika. Wakilipa watoto 36 badala ya 42, mtakusanya 1,548,000. Kwa kila mtoto aliyepungua mnaokoa chakula na maji tu, 5,500, jumla 33,000 kwa sita. Kosta hazipungui, kwa sababu watu 42 hawaenei kwenye moja. Gharama inabaki 1,773,000 na mna pengo la 225,000 wiki moja kabla ya safari. Mwalimu mkuu anayekutana na pengo hilo hushawishika kujaza watoto wote kwenye basi moja, au kuongeza wa Darasa la Tano dakika za mwisho bila fomu. Yote mawili ni hatari. Kwa hiyo barua iseme mapema: "Safari itafanyika iwapo wanafunzi wasiopungua 42 watalipa ifikapo tarehe 12 Agosti. Wakipungua, itaahirishwa na kila mzazi atarudishiwa fedha yake yote." Kama kamati ya shule inaweza kuziba sehemu ya pengo, teremsheni idadi hiyo, lakini iandikeni.

Mtoto akiugua baada ya kulipa, fedha inarudi?

Barua ijibu kabla ya kuulizwa. Utaratibu unaoendana na hesabu yetu ni huu: akijitoa hadi tarehe 12 Agosti anarudishiwa yote. Baada ya hapo mabasi yameshalipiwa, anarudishiwa 5,500 za chakula na maji, na kiingilio iwapo hakijalipwa. Mzazi aliyeambiwa hivyo tarehe 27 Julai, siku barua inapotoka, ataelewa. Anayeambiwa tarehe 19 Agosti ataona amedhulumiwa, hata kama hesabu ni ileile.

Mzazi asiye na uwezo wa kulipa afanyeje?

Tangu Januari 2016 elimumsingi katika shule za serikali inatolewa bila ada, na mchango wa safari hauwezi kugeuzwa kuwa ada kwa mlango wa nyuma. Barua ya shule ya serikali itaje kwamba kuchangia ni hiari, kwamba kibali cha safari kimepatikana kutoka halmashauri kupitia Afisa Elimu, na kwamba mtoto atakayebaki atakuwa na masomo kama kawaida siku hiyo na hataadhibiwa wala kupunguziwa alama. Kibali kitangulie barua. Ukituma barua na kuanza kupokea fedha kisha kibali kikakwama, utazirudisha moja moja mbele ya wazazi waliokasirika.

Malipo kwa awamu husaidia zaidi ya huruma. Katika mfano huu, 23,000 hadi Ijumaa tarehe 31 Julai na 20,000 hadi tarehe 12 Agosti. Dodoma ni mji wa watumishi wa serikali, na barua inayotoka Jumatatu tarehe 27 Julai inaukuta mshahara wa mwisho wa mwezi ukiwa njiani. Barua ileile ikitoka tarehe 10 inakuta mifuko mitupu. Kwa mzazi mkulima wa pembezoni, Julai na Agosti ni baada ya mavuno, kwa hiyo tarehe hizo zinamfaa naye.

Fedha zilipwe kwenye akaunti ya shule au kwa namba ya malipo ya shule, na risiti itolewe. Kamwe zisitumwe kwenye simu binafsi ya mwalimu, hata kama mwalimu ni mwaminifu kuliko wote. Simu ikipotea, kumbukumbu za malipo zinaweza kwenda nayo.

Usimamizi tuueleze kwa undani gani?

Sentensi kama "watoto watakuwa chini ya uangalizi wa walimu" haimwambii mzazi chochote. Tangu ajali ya Karatu ya tarehe 6 Mei 2017, iliyochukua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, mzazi wa Tanzania akishika barua ya safari macho yake huenda kwanza kwenye basi. Mpeni majibu ya namba.

Andikeni kwamba watu wazima ni 6: walimu wanne, muuguzi mmoja na mzazi mmoja kutoka kamati ya shule. Madereva hawahesabiwi. Kila mtu mzima ana kundi la watoto 7 anaowajua kwa majina. Kila Kosta inabeba watoto 21 na wasimamizi watatu, na mmoja wao angalau ni mwanamke. Kila abiria ana kiti chake, hakuna kukaa wawili kiti kimoja wala kusimama. Magari yatakaguliwa na askari wa usalama barabarani kabla ya siku ya safari. Hakuna kusafiri usiku, na kwa sababu hiyo Kolo mtaondoka si zaidi ya saa 8:30 mchana, hata kama hamjamaliza kuona kila mwamba.

Mgawanyo wa magari mawili una tatizo lake. Watoto huenda na gari moja na hupenda kurudi na rafiki kwenye lile jingine. Msimamizi wa gari la kwanza anahesabu 20, anadhani mmoja amehamia la pili. Wa gari la pili anahesabu 21 na haulizi, maana namba yake imetimia. Mtoto amebaki chooni. Dawa yake ni kuita kwa jina badala ya kuhesabu vichwa, na kukataza kabisa kubadili gari. Sheria hiyo iingie kwenye barua ili mzazi amwambie mtoto nyumbani: gari ulilokwenda nalo ndilo utakalorudi nalo. Majina yaitwe kila baada ya kusimama, yaani Kondoa wakati wa kujisaidia, Kolo kabla ya kupanda, Kolo baada ya kushuka, na baada ya chakula.

Maswali ya afya yaulizweje ili mzazi ajibu ukweli?

Hapa ndipo fomu nyingi hushindwa. Swali la kawaida ni "Je, mtoto ana ugonjwa wowote?" na jibu la kawaida ni "Hapana". Mzazi hadanganyi. Mtoto hajaugua wiki hii, na pumu iliyombana mara ya mwisho mwezi Mei haimo akilini mwake. Wengine huogopa kwamba wakiandika ndiyo mtoto ataachwa. Ulizeni matukio na vitu vya kushikika, msiulize majina ya magonjwa:

> 1. Je, mtoto amewahi kubanwa kifua au kushindwa kupumua vizuri? Mara ya mwisho lini?
> 2. Je, amewahi kuanguka na kupoteza fahamu, au kutetemeka mwili mzima?
> 3. Je, kuna dawa anayotumia kila siku au kwa saa maalumu? Iko dozi itakayoangukia kati ya saa 11:30 alfajiri na saa 12:45 jioni?
> 4. Je, kuna chakula, dawa au mdudu anayemdhuru? Humfanyaje: vipele, kuvimba midomo, kutapika, kubanwa pumzi?
> 5. Je, ana selimundu? Akipata maumivu, humpa dawa gani na kiasi gani?
> 6. Je, hutapika kwenye gari?
> 7. Je, ana tatizo la kutembea, kuona au kusikia, au jambo lolote ambalo mwalimu akilijua litamsaidia?

Chini yake mwandike: "Majibu haya hayamzuii mtoto kusafiri. Yanatusaidia kujiandaa." Na mlimaanishe.

Swali la nne lina uzito wa pekee kanda yetu. Mboga za majani hapa huungwa kwa karanga mara nyingi, na anayepika hazihesabu kama kiungo cha kutaja. Mtoto mwenye mzio wa karanga anaweza kula wali na maharage kwa usalama kisha akadhurika kwa kijiko kimoja cha mboga ya pembeni. Fomu ikitaja karanga, aliyepewa kazi ya chakula aambiwe kwa maandishi: mboga isiungwe karanga, na sufuria na mwiko viwe vyake peke yake. Barua pia iwaombe wazazi wote wasifungashe karanga za kukaanga. Ndani ya Kosta watoto hugawana.

Kwa selimundu, hatari ya safari hii ni uchovu, baridi ya alfajiri ya kiangazi na kukosa maji. Watoto wengi hukataa kunywa maji safarini ili wasiombe kusimama njiani. Mtoto huyo avae sweta, anywe kidogo kidogo tangu mnapoondoka, na msimamizi wake ajue kwamba gari litasimama akiomba. Mzazi akiona kupanda mlima kutamzidi, abaki chini na msimamizi mmoja, na hilo lipangwe kabla, si pale mlimani mbele ya wenzake.

Dawa za mtoto nani anazibeba?

Mwalimu au muuguzi, ndani ya mfuko ulioandikwa jina la mtoto, jina la dawa, kiasi na saa ya kumeza. Dawa zije kwenye pakiti yake halisi. Vidonge vitatu vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti havipokelewi, maana hakuna atakayejua ni nini iwapo mtoto atapelekwa hospitali. Kuna jambo moja tunalolitenga: pampu ya pumu akae nayo mtoto mwenyewe mfukoni, na ya akiba, kama ipo, awe nayo msimamizi wa kundi lake. Pampu iliyoko kwenye begi ndani ya gari haina msaada kwa aliyeko juu mlimani.

Shule isimpe mtoto dawa yoyote ambayo mzazi hakuiandika, hata panado, isipokuwa fomu ina kisanduku cha kuiruhusu na mzazi amekitia alama.

Mzazi hataki darasa lijue hali ya mtoto wake. Afanyeje?

Amruhusu mtoto, aandike kwenye fomu "nitaonana na mwalimu", na aeleze ana kwa ana au kwa karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa. Kuna watoto wanaotumia dawa za kila siku ambazo familia imeamua zibaki siri. Mwalimu anahitaji kujua saa na kiasi, hahitaji kujua jina la ugonjwa. Fomu zisikusanywe na kiranja wala kupitishwa dawati kwa dawati. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na picha ya fomu iliyorushwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa ni kosa hata kama nia ilikuwa kumkumbusha mzazi mmoja.

Nikisaini, nimeipa shule ruhusa gani hasa?

Umeruhusu mtoto asafiri kwenda mahali palipotajwa, siku iliyotajwa, kwa utaratibu ulioandikwa. Shule ikibadili siku au mahali, inahitaji saini mpya. Matibabu ya dharura yawe na mstari wake na saini yake: mzazi anaridhia mtoto apelekwe kituo cha karibu iwapo hapatikani kwa simu. Kwa safari hii hospitali ya kukimbilia iko Kondoa mjini, zaidi ya kilomita 20 kutoka Kolo, na barua iitaje. Kama mtoto ana bima, namba ya kadi iandikwe na kadi yenyewe apewe mwalimu. Ruhusa ya kupigwa picha nayo iwe na kisanduku chake, ili anayekataa picha asilazimike kukataa safari.

Saini haifuti wajibu wa shule. Sentensi ya "shule haitahusika na lolote litakalotokea" iondoeni. Haiwalindi, na inamwambia mzazi kwamba mmeanza kujitoa kabla hamjaondoka.

Nani anafaa kusaini?

Mzazi au mlezi anayeishi na mtoto na kuwajibika naye. Bibi anayemlea mjukuu anasaini kama mlezi, na ni vyema aandike namba ya simu ya mzazi aliye mbali. Asiyejua kusoma asomewe barua nzima, aweke dole gumba, na aliyemsomea aandike jina lake kama shahidi. Dada wa kidato cha tatu hasaini, hata kama ndiye anayemwandaa mtoto kila asubuhi. Baba akikubali na mama akikataa, shule isichague upande. Mtoto anasubiri mpaka wakubaliane.

Tarehe ya mwisho ni Jumatano, siku nane kabla. Si mapema mno?

Inaonekana hivyo mpaka uhesabu kinachofuata. Alhamisi na Ijumaa ni za kuwapigia ambao fomu zao hazijarudi. Jumatatu tarehe 17 orodha inafungwa, malipo ya magari yanakamilishwa, na idadi ya vyakula inatajwa. Jumanne walimu wanasoma majibu ya afya na kupanga makundi. Jumatano muuguzi anafungasha. Ukiweka mwisho kuwa Ijumaa, siku mbili za simu zinaangukia mwisho wa wiki. Ukiweka Jumatatu, fomu ya mtoto mwenye kifafa inasomwa ndani ya basi.

Saa iandikwe pamoja na tarehe. "Tarehe 12" peke yake inaendelea mpaka usiku kwenye simu ya mwalimu.

Ujumbe wa simu wa "naruhusu" unatosha?

Unatosha kumshikia mtoto nafasi, hautoshi kumpandisha garini. Ujumbe hauna majibu ya afya, wala jina la mtu atakayempokea jioni. Jina hilo ni lazima. Mabasi yanafika giza likianza kuingia, na mtoto asikabidhiwe kwa bodaboda anayesema ametumwa na mama. Mzazi aandike jina na simu ya atakayekuja, na kama ni dereva wa bajaji anayemchukua kila siku, aandikwe yeye.

Asubuhi ya safari mtoto amefika bila fomu, amevaa, ana begi lake. Tumfanyeje?

Pigeni simu kwa mzazi palepale. Kama anaishi karibu, aje asaini. Mwalimu awe na fomu tupu tano na kalamu, na gari lisubiri hadi saa 12:15, si zaidi. Kama hawezi kuja, mtoto anabaki, hata kama amelipa. Ni uamuzi mgumu na mtoto atalia. Mwalimu anayebaki shuleni ampokee yeye mwenyewe, ampe chai, amkalishe darasani, na mzazi aambiwe kwa simu mtoto wake yuko wapi na yuko na nani kabla magari hayajatoka getini.